Barua Ambayo Mama Hakuiandika

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye shughuli ya harusi mtaa wa Nguvumali, Tanga. Nilipopita uani kutafuta pa kunawa mikono, nikakutana na harufu ya maharage yaliyoanza kushika chini ya sufuria. Haikuwa harufu ya kuungua. Ilikuwa ile inayotangulia, nzito, yenye utamu wa uongo ndani yake. Akina mama waliokuwa wakipika walicheka, mmoja akamwagia maji, kazi ikaendelea. Mimi nilirudi kwenye kiti changu na sikuweza kula. Rafiki yangu niliyekaa naye akaniuliza kama naumwa, nikamwambia ni joto. Haikuwa joto. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu tena, nimeshika sahani ya bati kwenye foleni ya makande, na mbele yangu alikuwa amesimama Bi Mwanaidi.

Wenzangu mliosoma shule zilizokuwa na jiko la kuni mtalikumbuka jiko lile hata kama hamkufika kwetu. Kuta za tofali zilizogeuka nyeusi, bati lililotoboka, masufuria mawili makubwa kiasi kwamba mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuogea ndani. Shule yetu ilikuwa nje kidogo ya Muheza, kati ya mashamba ya michungwa na vilima. Mama yangu ndiye alikuwa mwalimu mkuu. Alifundisha hesabu, na tuliishi kwenye nyumba ya mwalimu pembeni ya uwanja. Baba alikuwa karani wa bohari Tanga mjini, amepanga chumba Mabawa, na alikuja kwetu Jumamosi.

Bi Mwanaidi alikuwa mpishi. Mdigo, mjane, mwembamba kama mwiko wake, jicho moja lina ukungu. Hakuwa na ndugu hata mmoja pale kijijini. Alipokuwa akigawa chakula alinong'ona peke yake maneno ambayo hatukuyaelewa, na kila mara alipofika kwenye neno fulani, "fungahe", alinyamaza kidogo na kugonga upawa ukingoni mwa sufuria. Mimi niliyekuwa nikijiona najua mambo niliamua kwamba Fungahe ni jina la jini. Niliwaambia wenzangu. Tulilichezea neno hilo kama watoto wanavyocheza na jambo la kuogopesha, tukiitana hivyo gizani chooni na kukimbia.

Mwaka ule nilikuwa darasa la saba. Zilibaki wiki chache tufanye mtihani wa taifa, na tulisoma kuanzia alfajiri mpaka jua linazama, wasichana na wavulana sitini ndani ya chumba kimoja ambacho madirisha yake yalipigwa mbao ili tusiangalie nje. Jumatatu moja, wakati wa kipindi cha sayansi, Zuhura aliyekuwa akikaa nami dawati moja alisimama, akasema hapati hewa, akaanguka. Alipozinduka alilia kwa sauti ambayo haikuwa yake. Jumanne wakaanguka watatu. Jumatano asubuhi wakaanguka wawili kwa mpigo. Mchana nikaanguka mimi.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilianguka kweli. Nakumbuka vidole vikifa ganzi, nakumbuka kifua kimebanwa na macho yanaona vinyota. Hayo yalikuwa ya kweli. Lakini nakumbuka pia kwamba kabla ya kwenda chini nilisogeza kiti ili nisijigonge. Walinibeba mpaka kivulini, na nilipofumbua macho nikaona nyuso za wasichana zimenizunguka, na mmoja akauliza, "Umemwona nani, Neema? Nani anakukaba?"

Siku iliyotangulia nilikuwa nimemwomba Bi Mwanaidi ukoko kabla ya wenzangu. Aliniambia mbele ya foleni nzima, "Hata mtoto wa mwalimu mkuu ana miguu ya kusimamia. Rudi nyuma." Watoto wote walicheka.

"Wa jikoni," nilisema. "Kamtuma Fungahe."

Nilihisi neno lile likitoka mdomoni na kuanza kutembea lenyewe. Mpaka kengele ya kurudi nyumbani ilipogongwa, wote sita walioanguka kabla yangu walikuwa wamekumbuka kwamba nao walimwona mpishi.

Alhamisi wazazi walijaa ofisini kwa Mama. Alikuja nao mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kupaza, mtu mpole ambaye mjukuu wake alikuwa mmoja wa walioanguka. Aliweka mezani karatasi iliyoandikwa tayari. Tulikuwa tumebanana dirishani tukisikiliza.

"Mwalimu, hatukuja kwa shari," alisema. "Barua fupi tu. Kwamba uongozi wa shule umethibitisha mpishi ndiye chanzo cha matatizo ya wanafunzi, na ameondolewa. Wewe utie saini na mhuri. Tutaibandika ofisi ya kijiji, tutaisoma msikitini na kanisani, wazazi watatulia, watoto watatulia."

"Mnaamini watoto watatulia?" Mama aliuliza.

"Wenyewe wamesema. Akitoka yule, hawataanguka tena."

"Hata mimi naamini watatulia," Mama alisema. "Lakini sijathibitisha kitu. Daktari wa zahanati amewapima mmoja mmoja. Anasema ni hofu na uchovu, na chumba hakina hewa. Siwezi kuandika kwamba nimethibitisha."

Mzee wa Kidigo aliyekuwa amesimama mlangoni aliita kwa sauti, "Jamani, hilo fungahe mnaloliogopa ni saba! Kwa Kidigo ni saba tu! Yule mama anahesabu sahani!"

Nilihisi damu ikinipanda usoni. Kumbe ni saba. Kila baada ya sahani saba aligonga sufuria ili asipoteze hesabu. Nilidhani sasa mambo yamekwisha, watu watacheka na kwenda nyumbani. Kisha mama mmoja akasema taratibu, "Na walioanguka ni wangapi?"

Tulikuwa saba.

Siku ile nilijifunza kwamba watu wakishaogopa, hata jibu sahihi linawazidishia hofu.

Mama hakukaa tu. Nalisema hili kwa sababu baadaye kuna waliosema alikaza shingo akawaacha watoto waumie. Alhamisi hiyo hiyo alimwita fundi akang'oa mbao za madirisha. Alilikata darasa mafungu matatu, akafuta vipindi vya jioni, akawaambia wazazi wenye hofu wabaki na watoto nyumbani bila adhabu. Alikaa mwenyewe na wasichana, akiwafundisha kuvuta pumzi polepole. Ijumaa asubuhi hakuanguka mtu. Saa sita Zuhura alisikia harufu ya makande kutoka jikoni, akapiga kelele, akaanguka juu ya kona ya dawati. Niliusikia mkono wake ukivunjika. Ni mlio mdogo sana.

Jumamosi Baba alifika na habari zote alikuwa nazo, alikuwa akipigiwa simu tangu Alhamisi. Hakula. Alikaa sebuleni na Mama, mimi nikiwa chumbani nyuma ya pazia, na jua la alasiri lilikuwa bado linawaka.

"Mama Neema, barua ni karatasi," alianza.

"Ni karatasi yenye jina lake."

"Sikiliza. Wasichana saba, mwanetu akiwamo. Mkono mmoja umevunjika. Watoto sitini mtihani wao unaharibika. Waweke hao wote upande mmoja. Upande wa pili mweke mama mmoja anayeweza kupata kazi kwingine. Wewe ni mwalimu wa hesabu."

"Ndiyo maana najua si kila kitu kinajumlishwa," Mama alisema. "Bi Mwanaidi si namba ya kutoa ili jibu lije vizuri."

"Na Zuhura akivunjika shingo Jumatatu? Utasema nini kwa mama yake?"

Mama aliegemeza paji la uso mkononi. Nilidhani analia. Alipozungumza sauti yake ilikuwa kavu. "Usidhani hilo linaniacha nilale. Likitokea nitalibeba maisha yangu yote. Nitafanya kila ninachoweza kufanya lisitokee. Nitafunga shule ikibidi. Nitalala kwenye mlango wa darasa. Lakini hili la barua halimo kati ya ninayoweza kufanya."

"Kwa nini halimo? Kalamu unayo, mhuri unao."

"Kwa sababu ni kumtia mtu hatiani kwa jambo ambalo najua hakulitenda. Nikisema leo inaruhusiwa kwa kuwa tuna shida, nimesema inaruhusiwa kila penye shida, na shida hazijawahi kwisha mahali popote. Wiki ijayo watamtaja mlinzi. Mwezi ujao watakutaja wewe."

"Mimi hawatanitaja."

"Enhe," Mama alisema. "Hawatakutaja, kwa kuwa una watu. Kwa hiyo tunachosema ni kwamba inaruhusiwa kwa asiye na mtu."

Baba yangu hakuwa mtu mbaya. Alitupenda, na alikuwa akiona mbele kazi ya Mama ikipotea na nyumba ikipotea nayo. Alichukua kalamu akaandika nyuma ya karatasi ya mwenyekiti, akamsogezea. "Basi hii. 'Kufuatia malalamiko ya wazazi, mpishi hatoendelea na kazi katika shule hii.' Soma. Uongo uko wapi hapo? Malalamiko yapo. Kazi hatoendelea. Kila neno ni kweli."

Nilichungulia. Mama aliichukua karatasi. Akaisoma, akairudia. Akaichukua kalamu kutoka mkononi mwa Baba, na nikaona ncha yake ikiigusa karatasi. Leo nikiwa mtu mzima najua kwamba alitamani. Alikuwa hajalala siku nne, miguu ilikuwa imevimba, na mbele yake palikuwa na mlango uliofunguliwa na mtu anayempenda. Kalamu ilikaa pale mpaka wino ukafanya doa.

"Wazazi wakiisoma hii wataelewa nini?" aliuliza.

"Wataelewa wanavyotaka wenyewe."

"Na wewe uliyeiandika, unataka waelewe nini?"

Baba aligeuza uso dirishani.

"Unataka waelewe ni yeye. La sivyo haitamtuliza mtu. Inafanya kazi kwa sababu itawadanganya, Baba Neema. Maneno yote ni ya kweli, na barua yenyewe ni uongo." Akaiweka kalamu chini. Baba alitoka nje akasimama uwanjani akiangalia vilima, na hawakuzungumza tena mpaka chakula cha jioni.

Mimi nyuma ya pazia nilielewa kitu kimoja tu: kwamba Mama anampenda mpishi kuliko mimi. Nilidhani mtu akikataa jambo lenye faida kwako basi hakutaki. Nililia kwa hasira nikiwa nimeuma shuka.

Jumapili tulipotoka kanisani tulimkuta Bi Mwanaidi amekaa kwenye kibaraza chetu, begi lake pembeni. Tangu Ijumaa alikuwa akilala stoo ya shule kwa sababu kule alikopanga walikuwa wamemrushia mawe juu ya bati. Mama alimkaribisha ndani. Alikataa kuingia, wakazungumza pale pale.

"Mwalimu, andika," alisema. "Mie n'sharidhi. Waandikie wanayotaka, mie niende zangu, watoto wasome."

"Kuondoka ni haki yako, Bi Mwanaidi. Ukitaka kuondoka leo nitakutafutia gari na nitakusindikiza mimi mwenyewe. Sitakuzuia."

"Lakini nikienda bila barua hawataridhika. Wanaitaka barua."

"Hiyo siandiki."

"Hata mwenyewe nikikuruhusu?" Jicho lake zima lilimkazia Mama, na kulikuwa na hasira ndani yake, si unyonge. "Jina ni langu, Mwalimu. Simwombi mtu ruhusa kwa jina langu. Nimekwambia litumie."

Mama aliinamisha kichwa. "Ukiniruhusu, labda utanisamehe nikishaandika. Lakini haitakuwa kweli kwa sababu umeniruhusu. Na wale watoto wataisoma. Watajua kwamba ukimtaja mtu, wakubwa wako wataweka mhuri. Siwezi kuwafundisha hilo, hata wewe ukikubali."

"Basi kiburi chako kitawaumiza."

"Pengine," Mama alisema. Hakujitetea zaidi ya hapo.

Bi Mwanaidi alichukua begi akarudi stoo. Alipokuwa akinipita aliniangalia, akasema, "Umepona, mwanangu?" Aliuliza kama anayetaka kujua. Nikashindwa kusema hata shikamoo.

Nilimfuata Mama uani alipokuwa akifua sare yangu. Nilisimama nyuma yake ili nisimwone uso. Nikamwambia yote: ukoko, foleni, kicheko cha wenzangu, kiti nilichokisogeza. Nikamwambia kwamba sikumwona mtu yeyote akinikaba. Mikono yake ilisimama ndani ya povu.

"Usiwaambie," nilisema. "Mama, tafadhali, usiwaambie."

Alinigeukia. Nilitarajia kofi. "Wakiniuliza sitawadanganya," alisema. "Lakini sitakuburuta mbele yao kama nilivyokataa kumburuta yeye. Hutakuwa dawa ya kutuliza watu. Ulilolifanya ni baya, Neema, na unajua. Kulitengeneza ni juu yako. Likitoka, litoke kwako."

Kisha akaendelea kufua. Ningependelea kofi.

Jumatatu saa tatu uwanja ulijaa. Walikuja hata watu wasiokuwa na watoto pale. Wengine walishika fimbo, wengine majembe kama wamepitia njiani kwenda shamba, lakini shamba lilikuwa upande mwingine. Sisi wanafunzi tulikalishwa chini kwa mistari. Zuhura alikuwepo, mkono umefungwa plasta, na mama yake alikuwa amesimama nyuma yake kama ukuta. Mlango wa stoo ulikuwa umefungwa na kufuli kwa nje. Baba ndiye aliyelifunga, na alikuwa amesimama mbele yake, ufunguo mfukoni. Hakukubaliana na Mama hata kidogo, lakini alisimama pale.

Mzee Kupaza alizungumza kwa upole ule ule. Akasoma nakala ya barua kwa sauti. Akamwomba Mama kwa mara ya mwisho. Mama akasema, "Mpishi huyu sijamkuta na kosa lolote. Sitaandika kwamba nimemkuta nalo. Kama mnaona sifai kuongoza shule, andikeni wilayani, nitawapa kalamu. Hilo ni haki yenu."

Kelele zikapanda. Jiwe likapiga bati la jiko. Mama yake Zuhura akapita mbele mpaka akasimama uso kwa uso na Mama, akamnyoshea kidole. "Mwanao mwenyewe ndiye aliyemtaja! Wa kwanza! Au mwanao mwongo? Sema mbele ya watu, Mwalimu. Neema ni mwongo?"

Nilisikia bendera ikipigapiga mlingoti. Kusema "hapana" kungemmaliza Bi Mwanaidi, na ungekuwa uongo. Kusema "ndiyo" kungenikabidhi mimi kwa watu wale.

"Hilo sitakujibu," Mama alisema.

"Umeona!" watu walipiga kelele. "Anajua! Anajua ni kweli!" Walimsogelea. Mzee mmoja alimsukuma bega, akayumba, akasimama tena. Na katika muda wote ule hakuniangalia. Nilikuwa mstari wa tatu, hatua kumi kutoka kwake, nikimtazama nikingoja jicho lake. Nilidhani ananichukia kiasi kwamba hawezi kunitupia macho. Imenichukua miaka mingi, na mtoto wangu mwenyewe, kuelewa alichokuwa akikizuia. Angeniangalia mara moja tu, ningeinuka kwa sababu yake. Alitaka, kama nitainuka, niinuke mwenyewe.

Sijui niliinukaje. "Nilisema uongo," nilisema, na hakuna aliyesikia. Nikasema tena kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, mpaka sauti ikapasuka. "Nilisema uongo! Sikumwona Bi Mwanaidi! Alininyima ukoko, nikamsingizia!"

Ungependa nikwambie kwamba uwanja ulizizima, kwamba wakashusha fimbo na kuomba radhi. Mimi mwenyewe nilitarajia hivyo, kwa sekunde mbili au tatu. Kisha sauti ya mwanamume ikatoka nyuma: "Amefundishwa! Mama yake kamfundisha jana!" Na ikasikika kama kweli, maana kila mtu alijua mimi ni mtoto wa nani. Zuhura alinitazama kama nimemsaliti, akashika koo, akaanguka. Wakaanguka na wengine, kumi au zaidi, na wazazi wakawakimbilia watoto wao. Kwa ghasia ile walisahau stoo, na hilo pekee ndilo lililomwokoa aliyekuwa ndani. Baba alifungua kufuli akampitisha Bi Mwanaidi kwa nyuma, kati ya michungwa, mpaka barabarani akampandisha gari la kwenda kwao pwani.

Siku iliyofuata Mama alipata taarifa ya kuhamishwa. Alipelekwa shule ndogo upande wa Pangani, chini ya mwalimu mkuu mwingine. Kosa lililoandikwa ni kushindwa kushirikiana na jamii. Baba alinipeleka nikakae kwa jirani mpaka nimalize mtihani, kwa kuwa zilibaki siku chache.

Mwalimu aliyekaimu nafasi yake aliandika barua siku ya pili. Alitia saini, akapiga mhuri, ikabandikwa, ikasomwa. Na nawaambia ukweli kwa kuwa ndio ulionifanya niandike haya: ilifanya kazi. Hakuanguka msichana hata mmoja tena. Zuhura alirudi darasani akicheka. Tulifanya mtihani kwa utulivu, tukafaulu wengi kuliko mwaka uliotangulia, nami nikiwamo. Nafasi ya sekondari niliyoipata, na kila kilichofuata baada ya hapo, kilipitia kwenye karatasi ile.

Matokeo yalipotoka Baba alikwenda Pangani kumpelekea Mama habari, nami nikiwa naye. Hakutaka kumsimanga, lakini alikuwa amelibeba moyoni kwa miezi.

"Unaona sasa?" alisema. "Iliwatuliza. Siku ile ile."

"Sikuwahi kusema haitawatuliza," Mama alijibu.

"Basi ulikataa kwa faida ya nani?"

"Hukuniuliza kama ni ya faida. Uliniuliza kama niandike."

Baba alitikisa kichwa. Walikaa kwenye mkeka mmoja wakimenya machungwa, na hawajakubaliana mpaka leo. Nimeolewa, nimezaa, nimewasikia wakilizungumza mara tatu au nne, na kila mmoja yuko pale pale.

Likizo hiyo hiyo Mama alinichukua twende kwa Bi Mwanaidi. Alikuwa kwa kaka yake, kijiji cha upande wa Mkinga, amekaa chini anasuka makuti. Barua ilikuwa imefika kabla yetu. Hakuna shule iliyotaka kumwajiri, na hata kwenye shughuli za kijijini hakuna aliyemwita kushika sufuria. Aliyasema hayo huku mikono ikiendelea kusuka, bila kuinua uso.

Mama alimwambia, "Nimeandika wilayani mara mbili kwamba si kweli. Hawajanijibu. Nitaandika tena."

"Ulipoteza cheo bure, Mwalimu," Bi Mwanaidi alisema. "Mie nimefika hapa hapa. Uandike wewe ama aandike yule, nimefika hapa hapa."

"Najua."

"Yule aliyeandika alinitumia salamu. Alisema ana watoto, nimwelewe. Nami nimemwelewa, si mtu mbaya." Alikaza kuti, akaliweka kando, akachukua jingine. "Pale shuleni wengi walikuwa wakijua sikufanya. Walimu walijua. Mwenyekiti alijua, nilimwona machoni. Wote walijua, Mwalimu. Nikiwa ndani ya gari nikawahesabu waliojua na bado wakakataa kuandika. Haikunichukua muda."

Mama alifunika uso kwa khanga. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya siku ile, hata uwanjani.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na maneno niliyoyakariri njia nzima. Nikayasema. Kwamba nilimsingizia, kwamba ilikuwa kwa ajili ya ukoko, kwamba siku ya mkutano nilisimama nikawaambia watu lakini hawakunisikia.

Bi Mwanaidi aliacha kusuka. Aliniangalia kwa muda mrefu na lile jicho zima, na nikaona anaamua kitu.

"Mie nilikuwa stoo, nyuma ya mlango," alisema. "Nilikusikia."

Nikaanza kulia kwa nafuu. Aliningoja nimalize.

"Lakini ulichelewa siku tano," akasema, akaokota kuti lake.